Mapato ya miaka sita kwenye ripoti ya mwaka: pau, mstari au duara? Mwenyekiti anataka duara

#1 Karani_wa_Ripoti

Habari za humu wakuu. Naomba msaada kabla ripoti haijaenda kwa mpiga chapa.

Mimi ndiye ninayeandaa ripoti ya mwaka ya shirika letu. Ukurasa wa 7 unabeba mapato ya miaka sita, kwa milioni:

2019: 412
2020: 388
2021: 405
2022: 431
2023: 447
2024: 468

Nimechora grafu tatu kutoka namba hizo hizo: ya pau, ya mstari na ya duara. Mwenyekiti wa bodi kaziona zote, kachagua duara. Kila mwaka una kipande chake na rangi yake. Anasema hilo ndilo linaloupa ukurasa uhai, na nyingine mbili zinafanana na ripoti za kila mtu.

Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kumpelekea zaidi ya kusema sijalipenda. Nipeni hoja. Na kama mwenye makosa ni mimi, nambieni.

#2 Kijana_wa_Majedwali

Mstari. Chochote chenye miaka ni mstari. Pau ni za kulinganisha vitu visivyohusiana, duara ni la asilimia. Mada imeisha.

#3 Fundi_Takwimu

Mada haijaisha, Kijana. Umegusa ukweli nusu, nitarudi kwako.

Karani, anza na duara kwa sababu ndilo linalokubana. Duara linamwambia msomaji kwamba vipande vyote vikiunganishwa vinatengeneza kitu kizima. Sasa jumlisha miaka yako sita. Unapata 2,551. Je, hiyo 2,551 ni kitu gani katika shirika lenu? Haimo kwenye bajeti wala kwenye hesabu zilizokaguliwa. Ni miaka sita iliyokusanywa kwa sababu tu jedwali lako lilianzia 2019. Ungeanzia 2015, kipande cha 2024 kingepungua ukubwa hata kama mapato ya 2024 hayakubadilika hata senti. Grafu ambayo jibu lake linageuka kwa sababu ya mahali ulipoanza kuhesabu haifai kubeba mapato ya mwaka.

Nenda kwa mwenyekiti na swali moja: "Mzee, ukurasa huu tunataka msomaji ajue nini?" Akisema "kwamba tunakua", duara halina mahali pa kuonyesha kukua. Mduara hauna kushoto wala kulia. 2024 inakaa jirani na 2019, wamegusana, kana kwamba zimefuatana.

#4 Karani_wa_Ripoti

Asante sana mkuu. Hiyo ya 2024 kugusana na 2019 sikuwa nimeiona, nimefungua rasimu sasa hivi na kweli ndivyo ilivyo.

Nimeona na jambo jingine. Mwenyekiti alisema kila kipande kiandikwe asilimia yake. Nimezipiga na kuondoa desimali: 16, 15, 16, 17, 18, 18. Mwaka 2023 na 2024 zote ni 18! Tofauti ya milioni 21 imemezwa. Na 2019 na 2021 zote ni 16.

#5 Fundi_Takwimu

Hapo umepata hoja bora kuliko yangu. Mpelekee hiyo hiyo. Ukitaka kuongeza, mwambie pembe ya kipande cha 2023 ni nyuzi 63 na ya 2024 ni nyuzi 66. Hakuna jicho linaloona nyuzi tatu, hasa vipande vikiwa vimeelekea pande tofauti.

Na hili si la kupenda na kutopenda. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio ambayo watu walipewa grafu na kutakiwa kukadiria ukubwa wa vitu. Walikadiria vizuri zaidi pale alama zilipopangwa kwenye kipimo kimoja, kama ncha za pau zinazoanzia mstari mmoja. Kwenye pembe walikosea zaidi.

#6 Upepo_Mwanana

Mbona mnalionea duara? Sisi mwaka jana tulilitumia kuonyesha mapato yetu na kila mtu alilielewa: ruzuku robo tatu, ada za wanachama kidogo, michango iliyobaki. Wageni walilisifu. Karani, msikilize mwenyekiti wako.

#7 Bi_Mizania

Upepo, ndugu yangu, wewe unazungumzia vyanzo vya mapato ya mwaka mmoja. Hapo kuna kitu kizima, ni mapato ya mwaka huo, na vipande vitatu vinakimaliza. Sawa kabisa. Mwenzako anauliza miaka sita ya jumla. Ni maswali mawili.

#8 Upepo_Mwanana

Nimesoma upya. Kweli, niliruka neno "miaka". Lakini tulikuwa pia na duara la mwaka uliotangulia pembeni yake, ili watu waone ada za wanachama zimepanda. Hilo nalo ni kosa?

#9 Bi_Mizania

Hapo ndipo panapoharibika. Duara mbili zenye ukubwa sawa zinaficha kwamba mwaka mmoja mapato yalikuwa makubwa kuliko mwingine. Ada zinaweza kubaki palepale kwa fedha, ruzuku ikashuka, na kipande cha ada kikanenepa. Msomaji ataondoka akidhani wanachama wamelipa zaidi. Nimewahi kukutana na hilo kwenye kikao: mweka hazina alipongezwa kwa ongezeko la ada, naye ana leja mbele yake inayoonyesha ada ni zile zile. Ilibidi asimame akatae pongezi.

#10 Mjumbe_Mtulivu

Mimi nakaa upande wa mwenyekiti, maana nimo kwenye bodi ya chama kimoja, najua tunavyosoma. Tunapewa kurasa 60, muda mdogo. Grafu ya pau ya namba kama za Karani naona miti sita iliyolingana. 388 na 468 zikianzia sifuri zinafanana. Mjumbe anafunua ukurasa, haoni kitu, anaendelea. Duara angalau linamsimamisha.

Kwa hiyo msiseme tu duara ni baya. Nipeni pau nitakazoziona.

#11 Kijana_wa_Majedwali

Mjumbe ana hoja, na dawa yake ni rahisi. Mhimili wa wima usianzie sifuri. Uanzie 380, uishie 480. Ukuaji utaonekana hata kutoka mlangoni.

#12 Karani_wa_Ripoti

Nimejaribu ya Kijana. Inaonekana kweli! 2020 kadogo, 2024 imekwenda juu. Mwenyekiti ataipenda hii.

#13 Bi_Mizania

Karani, simama hapo hapo, usiitume.

Chukua rula uweke kwenye skrini. Pau ya 2020 ina vizio 8 juu ya 380. Pau ya 2024 ina vizio 88. Moja ni ndefu mara kumi na moja ya nyingine. Mapato yenu yameongezeka mara kumi na moja? Yameongezeka kutoka 388 hadi 468, yaani kwa takribani moja ya tano. Pau inasomwa kwa urefu wake, na ukiikata miguu urefu huo haumaanishi tena chochote.

Nina sababu ya kuwa mkali. Shirika nililowahi kulifanyia kazi lilitoa ripoti ya aina hiyo. Mfadhili mmoja akaandika barua akiuliza kwa nini tunaomba msaada ilhali mapato yetu yamepaa kiasi kile. Namba sahihi zilikuwa zimeandikwa pembeni, kwa herufi ndogo. Hakuzisoma, aliangalia picha. Tulitumia wiki mbili kumweleza, na hakuamini kabisa kwamba halikuwa kusudi.

#14 Kijana_wa_Majedwali

Bi Mizania nimekuelewa, nafuta #11 kwa upande wa pau. Lakini kwa mstari bado nashikilia. Mstari hausomwi kwa urefu, unasomwa kwa mwinuko. Mstari unaweza kuanzia 380 bila kudanganya mtu. Ndiyo maana nilisema mstari tangu #2.

#15 Fundi_Takwimu

Hapa Kijana yuko sahihi zaidi kuliko mwanzo. Kwenye mstari kinachobeba maana ni mahali nukta ilipo na mteremko kati yake na jirani yake, kwa hiyo sifuri si lazima. Ukilazimisha sifuri kwenye kila mstari, mabadiliko mengine muhimu yanalala chini kama uzi uliotandazwa.

Ila mteremko nao unachezewa. Chora mstari huo huo kwenye kisanduku chembamba kirefu, unakuwa mlima. Uweke kwenye kisanduku kipana kifupi, unakuwa uwanda. Namba hazijabadilika. Kwa hiyo anayesema mstari ni salama kwa sababu hauna miguu ya kukatwa, aangalie na umbo la kisanduku chake.

#16 Bi_Mizania

Fundi, nakuheshimu, ila sikubaliani. Wewe unaongelea msomaji anayetazama mhimili. Msomaji wa ripoti ya mwaka hautazami. Akiona mstari umeanzia chini kabisa ya kisanduku na kuishia juu kabisa, anasoma "kutoka pangu pakavu hadi utajiri". Kwangu mimi fedha kwenye ripoti ya mwaka zianzie sifuri, pau au mstari. Nisingependa kuandika barua nyingine.

#17 Fundi_Takwimu

Basi tukubaliane kutokubaliana. Mimi ningeianzisha pasipo sifuri nikaandika hivyo waziwazi juu ya grafu, si pembeni.

#18 Mchora_Kurasa

Napangilia kurasa za ripoti, hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Niwajibu Mjumbe (#10) na Bi Mizania kwa pamoja.

Tuseme grafu ina kimo cha sentimita 8 na mhimili unakwenda 0 hadi 500. Pau ya 2020 itakuwa na urefu wa sentimita 6.2, ya 2024 karibu 7.5. Tofauti ni milimita 13. Hizo zinaonekana bila shida! Tatizo la Mjumbe mara nyingi si sifuri, ni vitu vingine vilivyowekwa juu ya pau. Mtu anaacha mhimili wa Excel ujipangie, anaweka mistari ya mlalo kumi, anampa kila mwaka rangi yake, anaongeza kivuli na umbo la sanduku. Jicho linachoka kabla halijafika kwenye ncha za pau.

Mimi ninavyofanya: pau zote rangi moja ya kijivu, ya mwaka wa ripoti rangi nzito. Namba juu ya kila pau, halafu nafuta mistari ya mlalo kwa sababu namba zimeshachukua kazi yake. Na kichwa cha grafu kinasema jambo lenyewe: "Mapato yamefika milioni 468, juu ya 447 za mwaka uliopita". Kichwa cha "Mapato 2019–2024" kinamwachia msomaji kazi yote.

Na faida moja ya kijivu: wengi wanachapa nakala za bodi kwa wino mweusi. Lile duara la rangi sita likichapwa hivyo, nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kinachokaribiana na ufunguo wa rangi ukawa hauna maana.

#19 Mjumbe_Mtulivu

Hiyo ya kichwa kusema jambo lenyewe, ningewekewa hivyo kwenye ripoti zetu ningeshukuru. Nakubali, pau zilizopangwa hivyo ningeziona.

#20 Mgeni_Jukwaani

Samahani wakuu, nimekuja na shida ndogo inayofanana. Mimi nikichora pau kwenye Excel, kila mahali napata pau mbili. Moja ndogo ndiyo namba yangu, na nyingine ndefu sana, zote sita zimelingana, zinagusa 2000. Chini badala ya miaka naona 1, 2, 3, 4, 5, 6. Nimekosea wapi?

#21 Kijana_wa_Majedwali

Hizo ndefu ni miaka yenyewe! Excel imeona 2019, 2020 ni namba, ikadhani ni takwimu nyingine za kuchorwa. Bofya kitufe cha kulia juu ya grafu, chagua `Select Data`, upande wa kushoto ondoa `Mwaka`, halafu upande wa kulia bofya `Edit` uoneshe seli zenye miaka. Au kabla ya kuchora, futa neno lililo juu ya safu ya miaka, seli ya kona ibaki tupu. Excel ikiona kona tupu inaelewa kwamba safu ile ni ya majina.

#22 Mgeni_Jukwaani

Imekubali! Nimefuta neno la kona tu. Asante kaka.

#23 Karani_wa_Ripoti

Nimerudi. Nilikuwa natengeneza ya Mchora, imetulia sana. Ila wakati naandika maelezo chini ya grafu nimekumbuka jambo ambalo sikulitaja mwanzo, na sasa linanitia wasiwasi.

Mwaka 2020 tulibadilisha mwaka wa fedha. Zamani ulikuwa Januari hadi Desemba, sasa ni Oktoba hadi Septemba. Kwa hiyo "2020" yetu ni Januari hadi Septemba, miezi tisa tu. Ile 388 ni ya miezi tisa.

#24 Bi_Mizania

Ndugu yangu! Hili ndilo lingekuwa la kwanza.

#25 Fundi_Takwimu

Hii inabadilisha mengi tuliyosema. Gawa kwa miezi. 2019: 412 kwa 12 ni 34.3 kwa mwezi. 2020: 388 kwa 9 ni 43.1. 2024: 468 kwa 12 ni 39. Mwaka ambao sote tumeutazama kama shimo, kwa mwezi ndio wa juu kuliko yote sita.

Sasa tazama grafu zako upya. Mstari unashuka 2020 kisha unapanda, na umbo hilo ndilo litakalobaki kichwani mwa msomaji: tulianguka, tukainuka. Hadithi hiyo haikutokea. Kijana, hii ndiyo sababu sikukubali "chochote chenye miaka ni mstari". Mstari unaahidi kwamba hatua kati ya nukta ni sawa na kila nukta imepimwa kwa kipimo kimoja. Nukta moja ikiwa ya miezi tisa, ahadi imevunjika, na mstari hauna mahali pa kulisema hilo. Pau unaweza kuipaka mistari ya mshazari, ukaifanya nyembamba, ukaandika "miezi 9" juu yake.

#26 Kijana_wa_Majedwali

Mbona rahisi? Ongeza tu ifike miezi 12:

```
=B3/9*12
```

Inatoka 517. Chora 517, mstari unarudi kuwa halali.

#27 Bi_Mizania

Hapana, tena hapana. 517 haikuingia benki. Ukiichora kama pau au nukta ya kawaida umeandika mapato ambayo hayapo kwenye hesabu zilizokaguliwa, ndani ya kitabu kile kile chenye hesabu hizo. Mkaguzi akifungua ukurasa wa 7 na taarifa ya mapato na matumizi, atakuta namba mbili.

Na kuna jambo la pili. Kugawa kwa tisa kunadhani fedha zinaingia kidogo kidogo kila mwezi. Karani, ruzuku yenu kubwa huingia lini?

#28 Karani_wa_Ripoti

Awamu moja, Februari. Karibu nusu ya mapato ya mwaka mzima.

#29 Bi_Mizania

Nilihisi. Basi ile miezi tisa ilibeba ruzuku yote ya mwaka, ikakosa tu miezi mitatu ya michango midogo. Wastani wa 43.1 kwa mwezi umekuzwa na Februari. Kwa hiyo 388 inaonyesha shimo ambalo halikuwepo, na 517 inaonyesha mlima ambao haukuwepo.

#30 Fundi_Takwimu

Bi Mizania umenisahihisha, na nakubali: nilifanya haraka kusema 2020 ndio wa juu kuliko yote. Kwa mapato ya mikupuo wastani wa mwezi hautoshi.

Njia ambayo ningeifuata ni kurudi kwenye leja za kila mwezi na kuzipanga upya miaka yote kwa Oktoba hadi Septemba, kuanzia Oktoba 2018. Zikiwepo, unapata vipindi sita vya miezi 12 vinavyolingana, na Februari moja ndani ya kila kimoja. Hapo hata mstari unafaa.

#31 Bi_Mizania

Kwa kuchora, sawa. Lakini 2019 mpya na 2020 mpya hazitalingana na zilizokaguliwa, lazima kuwe na maelezo yanayounganisha namba hizo. Mimi ningeacha zilizokaguliwa, pau, na ile ya 2020 iwe na mshazari. Msomaji apewe ukweli ulio na sahihi ya mkaguzi.

#32 Fundi_Takwimu

Na mimi naona ukweli wenye sahihi unaweza bado kumpotosha mtazamaji. Ila naelewa unakosimama.

#33 Shangazi_Takwimu

Nimesoma uzi wote kwa utulivu. Niongeze kisa changu maana kinaelekea huko huko. Tulikuwa na idadi ya waliohudhuria mafunzo kwa miaka minane, mwaka mmoja daftari lilipotea. Aliyejaza jedwali akaandika 0 kwenye seli ile. Mstari ukaanguka hadi sakafuni kisha ukaruka juu. Kwenye mkutano mkuu mtu akauliza "mwaka huo mlifunga?" Hatukufunga, daftari tu halikuonekana.

Seli isiyo na takwimu iachwe tupu. Excel kwa kawaida itakata mstari hapo, pengo litaonekana, na pengo ndilo jibu la haki. Mkiona imeunganisha nukta mbili juu ya pengo, kuna kitufe cha `Hidden and Empty Cells` ndani ya `Select Data`, mchague `Gaps`. Na msifute mwaka wenyewe kwenye jedwali! Ukiufuta, miaka miwili iliyo mbalimbali inakaa jirani na mteremko unakuwa mkali kuliko ulivyokuwa.

#34 Mwalimu_Mstaafu

Mchango mdogo wa historia kwa Mjumbe anayependa duara. Lilibuniwa na Florence Nightingale alipokuwa akionyesha vifo vya askari, kwa hiyo lina heshima yake.

#35 Fundi_Takwimu

Mwalimu, shikamoo. Naomba kusahihisha kidogo. Duara la vipande lipo kwenye kitabu cha William Playfair cha 1801, na huyo huyo mwaka 1786 alichapisha mistari na pau za biashara. Mchoro wa Nightingale ni wa 1858 na ni aina nyingine: kila kipande kina pembe sawa kwa kila mwezi, kinachobadilika ni umbali kutoka katikati.

#36 Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Nimejifunza. Ila hapo si kuna jambo? Nightingale alizungusha miezi kwenye mduara na ikaeleweka. Kwa nini Karani asizungushe miaka?

#37 Fundi_Takwimu

Miezi inarudi mwanzo, Desemba ni jirani wa kweli wa Januari. 2024 si jirani wa 2019.

#38 Mdadisi_Mkimya

Swali ambalo hamjaligusa: bei zinapanda kila mwaka. 412 ya 2019 na 468 ya 2024 zina nguvu sawa ya kununua? Huenda "tunakua" yenyewe haipo.

#39 Bi_Mizania

Swali zuri sana. Kwa kila aina ya grafu jibu lake halitaonekana, namba zisiporekebishwa kwa mfumuko wa bei. Ongezeko lote la Karani ni kama asilimia 13.6 kwa miaka mitano. Bei zikiwa zimepanda zaidi ya hapo, shirika limerudi nyuma huku pau zikipanda. Angalau kichwa cha grafu kisitumie neno "ukuaji". Kiseme "mapato" tu.

#40 Karani_wa_Ripoti

Wakuu, mrejesho. Nimekaa na mwenyekiti na mweka hazina leo asubuhi.

Lile la 18 na 18 ndilo lililommaliza. Alilitazama duara, akasoma zile asilimia mbili, akaniuliza "milioni 21 zimekwenda wapi?" Duara la miaka limeondoka. Ameomba libaki duara moja ukurasa wa 8 kwa vyanzo vya mapato ya 2024, vipande vitatu, nami nimekubali.

Ukurasa wa 7 ni pau kuanzia sifuri, za kijivu, 2024 rangi nzito. Kichwa hakina neno "ukuaji".

Kilichobaki ni 2020. Mweka hazina anataka pau yenye mshazari na "miezi 9", kama Bi Mizania. Mwenyekiti sasa anataka vipindi vipangwe upya kama alivyosema Fundi, anasema hataki shimo kwenye ukurasa hata likiwa na maelezo. Nimeanza kutafuta leja za Oktoba hadi Desemba 2018. Nimepata Oktoba na Novemba, Desemba bado.

#41 Bi_Mizania

Desemba isipopatikana, usiikisie.

#42 Mchora_Kurasa

Karani, mshazari ukichapwa mdogo unajaa wino na kuonekana kama rangi nzito, utachanganywa na pau ya 2024. Acha 2020 iwe tupu ndani, na mpaka wa nje tu. Na "miezi 9" iandikwe chini ya mwaka, isipande juu ambako kuna 388. Nitumie upana wa safu yako nikupimie.

#43 Karani_wa_Ripoti

Sentimita 11 na nusu. Nakutumia na rasimu zote mbili.